Fundi aliniambia niache SSD nichukue hadidiski "mpya", na mpaka leo sijapoa

Hasira hizi ninazo tangu msimu wa korosho uliopita, na nimeona nisipoziandika zitanikaba.

Nina steshenari ndogo Chikongola, hapa Mtwara mjini. Nachapa barua, natoa kopi za vyeti, naandika ripoti za wanachuo. Kazi yote inapita kwenye laptopu moja ya zamani yenye RAM GB 4. Asubuhi nilikuwa nikiiwasha, nafagia duka, namwagia maji vumbi la mlangoni, narudi, bado inazungusha vidoti vya Windows.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Habari za SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani, nilishazisikia, nikamuuliza. Akanijibu, "Dada, SSD inakufa kama taa, haiagi mtu. Hadidiski itakupigia kelele kwanza. Na ukifuta kitu kwa bahati mbaya, kwenye hadidiski nakurudishia." Akanionyesha ya TB 1, mpya kabisa kwa maneno yake, 80,000. SSD aliyokuwa nayo ilikuwa ya GB 256, 75,000. Kwa tofauti ya elfu tano napata nafasi karibu mara nne? Nikalipa. Jambo pekee la akili nililofanya siku ile ni kumdai hadidiski yangu ya zamani, nikaitupia kwenye droo.

Spidi haikubadilika hata chembe, na sasa najua kwa nini. Hadidiski ni sahani inayozunguka, na kisomeo kinahama huku na huko kama mtu anayetafuta jalada kwenye kabati. Nyingi za laptopu zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Unaona ni kidogo, lakini Windows ikiwaka inafungua vifaili vidogo maelfu, na kila kimoja kina safari yake. Halafu RAM ikijaa, Windows inaazima nafasi kwenye diski hiyohiyo, basi msongamano unakuwa mara mbili. TB 1 ni kabati kubwa zaidi, mtafutaji ni yuleyule. Fundi alilijua hili na hakuniambia.

Haikupita miezi mingi. Jioni moja mwanachuo amekaa mbele yangu, ripoti yake ya kurasa sabini na kitu iko wazi, kesho yake anaikabidhi. Maandishi yakaganda, juu yakatokea Not Responding. Nikafungua Task Manager: diski 100%, lakini ukitazama kasi ya kusoma, karibu sifuri. Diski inahangaika kwa nguvu zote na haileti kitu. Nikainamisha sikio karibu na kibodi nikasikia tik, kimya, tik, tik. Yule binti akaniuliza, "Dada, imekuwaje?" Nilishindwa kumtazama.

Nikafunga duka, nikaikimbiza kwa fundi usiku uleule. Hapa ndipo hasira zangu zinapokaa. Nilimwambia neno moja tu: niokolee faili kwanza. Hakuchomeka hata flashi. Akaandika hii:

```
chkdsk C: /r
```

Amri hiyo, laptopu ikishawashwa upya, inaipitia diski yote, sehemu kwa sehemu, kutafuta palipoharibika. Kwa diski yenye afya haina neno. Kwa diski inayokata roho ni kumkimbiza mgonjwa wa pumu mlimani. Ilikwama asilimia 27, nikalala pale kwenye benchi mpaka alfajiri, na kulipokucha Windows haikuwaka tena.

Nikamwita mdogo wangu aliyeko Lindi, akaja na kava la kuunganisha diski kwa waya wa USB. Kabla hajachomeka chochote aliigeuza mkononi akanionyesha matundu ya skrubu: yamekwaruzwa, rangi imebanduka. Diski iliyofungwa mara moja tu haichakai hivyo. Kisha akaiweka kwenye kompyuta yake akafungua programu ya CrystalDiskInfo. Rangi ya njano, neno Caution, na pembeni Power On Hours, yaani saa ambazo diski imekaa imewashwa, 21,900 na ushee. Gawa kwa 24: siku zaidi ya 900. Hadidiski "mpya kabisa" ilishafanya kazi sawa na miaka miwili na nusu bila kuzimwa kabla haijafika kwangu, ukitoa hiyo miezi yangu michache. Chini kidogo kwenye Current Pending Sector Count palikuwa na namba, wakati kwa diski yenye afya hapo panasoma sifuri. Hizo ni sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma. Kuangalia kote huko hakukufika dakika mbili. Ningeweza kuangalia hayo palepale kaunta kwa fundi kabla sijatoa hela.

Tulivuna picha na barua kadhaa. Ripoti ya binti haikupatikana. Kwa siku mbili mfululizo nililala saa mbili tu kila usiku, nikiichapa upya kutoka kwenye karatasi alizokuwa amesahihishiwa na mwalimu wake.

Niliporudi kwa fundi na picha ya namba zile kwenye simu, hakuzitazama. Mbele ya wateja wake akasema, "Wewe kazi yako kuchapa barua, mambo ya hadidiski niachie mimi." Sijawahi kutukanwa hivyo katika mji huu niliozaliwa.

SSD niliagiza Kariakoo, GB 256, ikaja na basi. Mdogo wangu hakuiamini hivihivi. Aliijaza yote kwa programu ya H2testw na kuisoma tena, kwa sababu zipo feki zinazojitangaza kubwa kumbe ndani zina chipu ndogo, ukivuka kiasi hicho kazi zako zinaharibika kimyakimya. Ikapita. Akapiga Windows upya. Siku ya kwanza nilibonyeza kuwasha, nikageuka kuchukua ufagio, nikageuka tena: imewaka. Niliita jirani wa duka la pili aje aone. Laptopu ileile, RAM ileile! Ningekuwa nimeishia hapo ningewaambia hadidiski zote zitupwe baharini pale Shangani.

Lakini wiki chache baadaye nilifuta folda ya mteja kwa kukosea, nikamwaga na pipa la taka. Mdogo wangu akajaribu kuirudisha, hakuna kitu. Kwenye SSD, Windows ikifuta inaiarifu diski kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo inaisafisha yenyewe. Kwenye hadidiski data hubaki mpaka iandikiwe juu, ndiyo maana mara nyingi inarudishika. Kwa hiyo yule mtu, pamoja na ubaya wote alionifanyia, hilo alisema kweli. Na la kufa bila kuaga nalo hutokea. Inaniuma kuliandika.

Folda ile ilikuwapo kwenye hadidiski yangu ya kwanza kabisa, ile ya GB 500 niliyoitoa kwenye droo. Iko kwenye kava la USB sasa, mdogo wangu aliipima na sehemu mbovu hakuna, na kila jioni kabla ya kufunga naikopia kazi za siku, naichomoa, naondoka nayo nyumbani. Kuwashia Windows, kamwe siirudishi ndani ya laptopu. Kwa kutunza kazi, siiuzi.

Ile ya TB 1 iko juu ya meza ya yule fundi, niliiacha hapo siku aliyonijibu. 80,000 yangu hajanirudishia.