Miaka 13 na miaka 15 mbele ya hakimu

Tuseme watoto wawili wameiba simu pamoja kwenye soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 inawatenganisha kwa umri.

Wa miaka 13 hawajibiki kijinai, hata ushahidi ukiwa wazi. Hakimu anamwachilia; hasara wanailipa wazazi.

Wa miaka 15 anasikilizwa na tribinali ya watoto, pasipo umma. Hafungwi kama mtu mzima: anaonywa na kurudishwa kwa wazazi, au anawekwa chini ya uangalizi. Ni sawa kabisa, kwani bado anaweza kulelewa.

Tatizo huanza pasipo cheti cha kuzaliwa. Umri ukikosa uthibitisho, sheria inataka achukuliwe kuwa mtoto. Wazazi, lidaini hilo tangu polisi.