Seiko 5 yangu ilipoanza kusimama alfajiri: uzoefu wangu wa sevisi kamili Mombasa

Saa yangu ni Seiko 5 ya otomatiki yenye mashine ya 7S26. Niliinunua mpya mwaka 2012 Barabara ya Digo, na tangu hapo imekuwa mkononi mwangu karibu kila siku, kazini Kilindini na kwenye feri ya Likoni, katika joto na unyevu wa pwani. Haikuwahi kufunguliwa. Mwaka jana nikaanza kuamka kwa swala ya alfajiri na kuikuta imesimama, akrabu ya sekunde imetulia, ilhali jioni nilipoivua ilikuwa ikienda vizuri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuichukulia kama saa inayochelewa tu. Nilipita kwa fundi mmoja katikati ya mji, akafungua mfuniko wa nyuma, akasukuma kidogo kile kimkono cha kurekebisha kasi, akafunga. Dakika tano, shilingi 300. Kimkono hicho hufupisha sehemu inayofanya kazi ya springi ya balansi, yaani lile gurudumu linalobembea na kupima mapigo ya saa, na springi ikifupika mapigo huenda mbio. Basi mchana saa yangu ikawa inatangulia na usiku inabaki nyuma, na nilipoilinganisha na simu kila baada ya masaa 24 ilionekana kama iko sawa. Nilifurahi kwa mwezi mzima. Kumbe lile tatizo lilikuwa pale pale, limefunikwa tu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye kijiduka upande wa Kibokoni, Mji wa Kale, meza moja na taa moja. Hakuifungua kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, ukiivua usiku, inaenda masaa mangapi kabla ya kusimama?" Sikuwa na jibu. Akanirudisha nyumbani nikapime, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye saa ya aina hii alijue kabla hajatoa hata shilingi.

Jaribio lenyewe ni hili. Vaa saa siku nzima ya shughuli, ili springi kubwa, ile inayoipa saa nguvu, ijae. Mashine ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono, kwa hiyo hakuna njia nyingine ya maana isipokuwa kuivaa na kutembea nayo. Usiku ivue, andika saa uliyoivua, ilaze kifudifudi au chali mezani na usiiguse tena mpaka isimame yenyewe. Mashine hii ikiwa na afya hukaa kiasi cha masaa 40. Mimi niliivua Ijumaa saa tatu usiku, na Jumamosi saa saba mchana ilikuwa imekwisha simama. Masaa 16.

Mzee alipoona karatasi yangu akatikisa kichwa. "Hii haitaki kusukumwa mwendo. Imekauka."

Lakini kabla ya kusema saa imekauka, kuna jambo moja la kuondoa njiani, nalo ni sumaku. Saa iliyoshikwa na sumaku huanza ghafla kutangulia, mara nyingi kwa dakika kadhaa kwa siku, kwa sababu mizunguko ya springi ya balansi inavutana na kushikana. Vifuniko vya simu vyenye kufunga kwa sumaku, spika, na vifungo vya mikoba ndio wachokozi wakubwa. Mzee alitumia dira ndogo ya kawaida: akaipitisha saa juu yake polepole, sindano haikucheza. Kama ingecheza, dawa yake ni mashine ya kuondoa sumaku, kazi ya sekunde chache, na hakuna haja ya kufungua saa yote. Watu wengi wameuziwa sevisi nzima kwa ugonjwa huu mdogo.

Halafu akaiweka saa kwenye mashine ya kusikiliza mapigo. Ni kishikio chenye maikrofoni na kioo kidogo kinachochora mistari. Kwanza akaingiza namba 53, ambayo ni pembe ya uma wa mashine hii, kile kipande kinachoisukuma balansi kila pigo. Nilimuuliza kwa nini, akasema kila mashine ina pembe yake, na ukiacha ile iliyowekwa kiwandani mwa kifaa, namba ya mbembeo itakayotoka itakuwa ya uongo. Mbembeo ndio kipimo chenyewe cha afya: ni digrii ngapi balansi inazunguka kutoka katikati kila inapokwenda upande mmoja. Kwa 7S26 iliyolala, namba nzuri ni 220 na kuendelea. Yangu ilisoma 174 ikiwa imelala, na ilipowekwa wima, kitufe cha ubavuni kikitazama chini, ikashuka hadi 138.

Alinieleza tofauti hiyo ya kulala na kusimama kwa njia ambayo sijaisahau. Saa ikilala, balansi husimama juu ya ncha moja tu ya ekseli yake, kama pia inavyozunguka, na msuguano ni mdogo. Ikiwekwa wima, ekseli hulala ubavu ndani ya vito vyote viwili, yale mawe magumu yenye tundu yanayoishika, na kusugua. Kushuka kidogo ni kawaida kwa saa yoyote. Kushuka kutoka namba ambayo tayari ni ndogo kunaonyesha mafuta yamekwisha au yamegeuka gundi. Na mbembeo ukiwa mdogo hivyo, kasi haishikiki tena: inabadilika kila springi inapolegea na kila unapogeuza mkono. Ndiyo maana kimkono kile hakikunisaidia.

Tukakubaliana shilingi 5,500 na wiki mbili. Zikawa siku 19, kwa sababu alingoja springi kubwa mpya. Nilipita mara mbili jioni baada ya kazi, akanipa kiti nikatazama.

Sevisi kamili maana yake saa inavunjwa hadi kipande cha mwisho. Mzee alitoa mkanda na mfuniko, akatoa mashine, akang'oa akrabu na uso wa saa. Kabla ya kugusa kitu kingine akalegeza springi kubwa taratibu, akiizuia kwa bisibisi skrubu ya gurudumu linaloikaza, maana ukitoa daraja la magurudumu springi ikiwa bado imejaa, nguvu yote hutoka kwa mpigo na kuvunja meno. Kisha ukatoka ule uzito wa kuzunguka unaojaza springi, balansi, uma, magurudumu, kikopo cha springi, na upande wa mbele magurudumu ya tarehe na siku. Kila skrubu ilikwenda kwenye trei yenye vyumba, kwa mpangilio ule ule iliotoka.

Pale ndipo nilipoona sababu. Kwenye tundu la chuma unapozungukia mhimili wa kikopo cha springi palikuwa na uchafu mweusi kama wanja. Sehemu hiyo ya 7S26 haina kito. Ni chuma juu ya chuma, na mafuta yakikauka chuma chenyewe kinasagika na kuwa unga unaosambaa. Alinipa lenzi nitazame. Tundu lilikuwa limeanza kupanuka, bado kidogo tu. "Ungengoja miaka mitatu zaidi," akasema, "ningekwambia nunua mashine nyingine." Nami namwamini, kwa sababu nilikwisha kuliona.

Kuosha si kumwagia petroli na kupuliza. Vipande viliingia kwenye kikapu kidogo, vikaoshwa kwa dawa ya kusafishia saa katika beseni linalotetemeka, vikasuuzwa mara mbili, vikakaushwa kwa joto. Baada ya hapo alichonga kijiti cha mti laini mpaka kikawa na ncha kama sindano, akakizungusha ndani ya tundu la kila kito, akakichonga upya, akarudia mpaka ncha ikatoka nyeupe. Mashine hii ina vito 21. Kazi hii pekee ilimchukua karibu saa nzima, na ndiyo fundi mwenye haraka huiruka.

Kuhusu mafuta, ningetaka niwaonye watu wanaojaribu nyumbani. Hayawi ya aina moja. Ekseli za balansi na magurudumu ya haraka hupata mafuta mepesi, yeye hutumia Moebius 9010, yanayouzwa kwenye kichupa cha mililita 2. Sehemu za polepole zenye nguvu nyingi hupata mafuta mazito. Ukuta wa ndani wa kikopo hupakwa grisi yake, ili mwisho wa springi uteleze kwa kiasi inapojaa, usikwame wala usiteleze mapema. Ncha za uma zenyewe hazitiwi kitu kabisa. Ni vile vito vyake viwili vinavyogusa meno ndivyo hupata tone dogo. Na springi ya balansi ikiguswa na mafuta, mizunguko hushikana na saa hukimbia, utadhani ina sumaku. Tone lenyewe huwekwa kwa sindano, na likizidi hutambaa na kuacha mahali pakavu palipohitaji.

Alipoiunga tena, mbembeo ulisoma 251 ikiwa imelala na 224 wima. Aliirekebisha kasi katika mikao mitano, si mmoja, akaiacha siku nzima, akapima tena springi ikiwa imelegea nusu. Nilipoichukua nikarudia jaribio langu: Ijumaa saa tatu usiku nikaivua, Jumapili saa saba na dakika arobaini mchana ikasimama. Zaidi kidogo ya masaa 40. Sasa nina miezi miwili, na inatangulia sekunde 6 hadi 8 kwa siku.

Yako mambo mawili sikuridhika nayo. Kuchelewa siku tano bila kunipigia simu kuliniudhi, na nilimwambia. La pili ni kubwa zaidi: alibadilisha mpira wa mfuniko wa nyuma, uliokuwa umelala bapa na kukakamaa, lakini hana kifaa cha kupima kama maji yanaingia. Alisema wazi nisiingie nayo baharini, na hilo nalishika. Akaongeza kwamba nikiona ukungu chini ya kioo nimletee siku hiyo hiyo, maana maji ya chumvi hayangoji wiki. Kutu huanza kwenye vyuma vyembamba, na springi ya balansi ikipata doa moja la kutu mwendo wake hautulii tena.

Kuhusu muda kati ya sevisi moja na nyingine, wengine husema miaka mitano, na Rolex wenyewe hutaja takriban miaka 10 kwa saa zao. Mimi nimeamua kulifanya lile jaribio la mezani kila mwaka na kuandika masaa kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Yakishuka chini ya 35, nitarudi Kibokoni kabla ule unga mweusi haujaanza tena.