Chati ya kuzidisha yenye vivuli: binti yangu alivyokamata kosa la mchapaji

Niliinunua kwa shilingi 6,000 kwenye duka la vifaa vya shule Kariakoo. Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa ameniimbia jedwali la saba jioni tatu mfululizo, na bado ukimuuliza saba mara nane anaanza kuimba upya kuanzia saba mara moja. Nikachoka.

Chati yenyewe ni karatasi ya A3 iliyopigwa laminesheni. Upande wa mbele una jedwali la 1 hadi 10. Visanduku vya 1, 4, 9, 16 mpaka 100 vimekolezwa, vikashuka mshazari toka kona hadi kona, na nusu iliyo chini ya mshazari huo imefifishwa, kwa sababu ni yale yale ya juu yaliyogeuzwa: tatu mara nane, nane mara tatu. Hapo tulikaa tukahesabu. Jedwali la moja, la pili, la tano na la kumi alikuwa anayajua. Tukayafunika kwa vipande vya karatasi, tukaacha nusu ya juu pamoja na mshazari. Vilibaki visanduku 21 tu. Mtoto aliyeamini ana namba 100 za kukariri alinitazama kana kwamba nilikuwa nikimficha siku zote.

Lakini mimi niliulipia upande wa nyuma. Kuna majedwali madogo manane, la 2 mpaka la 9. Kila moja lina namba zote 100, ila vivuli vimetiwa kwenye vigawe vya namba moja tu. La 3 lina mistari iliyokatizana, ya kulala na ya kusimama, kwenye 3, 6 na 9, na katikati nafasi nyeupe kama madirisha. La 7 ni msalaba mmoja. La 4 sasa ndilo lililomtatiza: mistari ya 4 na 8 ipo, lakini ndani ya madirisha kuna vitone tisa.

"Mama, hivi vinatoka wapi?"

Nikamwambia asome kitone kimojawapo, ni cha ngapi mara ngapi. Akasema sita mara mbili. Sita si kigawe cha nne, wala mbili si kigawe cha nne, lakini 12 ni kigawe cha nne. Tukaiandika 6 kama 2 × 3, ndipo akaona kwamba mbili moja imetoka huku na nyingine imetoka kule, zikakutana zikawa nne. Tatu haiwezi kukusanywa vipande vipande hivyo. Inakuja nzima kutoka upande mmojawapo, ndiyo maana jedwali lake halina vitone. Namba tasa nilifundishwa kwa kukariri maana yake tu. Huyu kaziona kwa macho kabla hajalisikia hilo neno.

Siku mbili baadaye akaniita jikoni. Kwenye jedwali la 6, kisanduku cha tisa mara nne kina kivuli, cha nne mara tisa ni cheupe. Hakuwa amepiga hesabu yoyote. Aliona tu kwamba pande mbili za mshazari hazifanani. Tukakagua: 36 ni sita mara sita, kwa hiyo kivuli kilitakiwa kuwepo kote kuwili. Nilirudi dukani. Muuzaji akanitolea nyingine, nayo ina kosa lile lile, na zilizobaki kwenye bunda vilevile.

Mengine yanayoniudhi: namba za majedwali madogo ni ndogo mno, ukiibandika juu ya meza huzisomi ukiwa umekaa kitandani. Laminesheni inamulika taa usiku. Na usihangaike kuitoa fotokopi nyeusi na nyeupe kwa ajili ya mtoto wa jirani, maana kivuli kinakuwa cheusi kinameza namba, na kilichobaki ni picha nzuri isiyosomeka.

Pia haimfai mtoto ambaye bado hajui kwamba tatu mara nne ni mafungu matatu ya vinne. Mdogo wake yuko darasa la kwanza. Yeye anaona maua ya kitenge tu. Na hata kwa mkubwa, chati ikiwa mbele yake kidole kinaenda chenyewe kwenye jibu, kwa hiyo wakati wa kumuuliza naigeuza ukutani. Saba mara nane bado inamchukua muda, ila haimbi tena: anaanzia 49 ya kwenye mshazari, anaongeza saba.

Ile ya pili nilimrudishia muuzaji. Yetu tumeitia makapeni ya bluu kwenye nne mara tisa. Rangi haifanani na vivuli vingine, na hataki niifute.