Tat tvam asi: Shankara na Madhva wanavyoisoma

Kwenye Chandogya Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu atie chumvi kwenye maji, asubuhi aonje juu, katikati, chini, kote chumvi tu, halafu anamwambia sa atma, tat tvam asi, yaani hiyo ndo nafsi, wewe ndo ile. Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu, anaichukua hivyohivyo: nafsi yako, ukitoa mwili na jina, ndo Brahman, ile asili moja ya vitu vyote, hakuna wawili. Madhva, mwanafalsafa mwingine wa karne ya 13, anakataa, anasema kata maneno upya, atma atat, wewe SIYO ile, maana atma tat na atma atat kwa Kisanskriti zikiungana zinasikika sawa kabisa, na chumvi na maji bado ni vitu viwili. Mi naona Shankara yuko karibu zaidi, sababu Uddalaka mwenyewe alianza na bonge moja la udongo, ukilijua umejua vyungu vyote.