Seti ya blichi na rangi mbili kwa nywele za mabegani: mistari ilivyotoka

Seti niliyotumia ina pakiti ya blichi ya gramu 40, chupa ya peroksaidi ya asilimia 6 yenye mililita 80, mikebe miwili ya rangi ya muda (bluu na pinki), brashi na glavu. Nimeitumia kwenye nywele za sentimita 35 zinazogusa mtulinga, nikichanganya mitindo miwili: rangi ya ncha, ambayo wengi huita dipu dai, na rangi ya kugawa nusu kwa nusu, yaani spliti dai. Sentimita 12 za mwisho zimepakwa rangi, upande wa kushoto bluu na wa kulia pinki. Kwa hiyo kuna mistari miwili ya kulinda: ule wa mlalo ambapo nyeusi inaishia, na ule wa wima unaotenganisha bluu na pinki kisogoni.

Rangi zenyewe ni nzuri. Maelekezo ya karatasini ndiyo yanayoharibu mstari, kwa sababu yanamwambia mtu afunge mkia mmoja kisogoni kisha apake chini ya raba. Nywele za karibu na shingo hufika kwenye raba baada ya sentimita chache tu, ilhali za kwenye panja husafiri sentimita 15 au zaidi kuelekea nyuma kabla ya kuifikia. Ukifungua mkia, kila unywele unarudi kuning'inia chini ya shina lake, na mstari uliokuwa sawa unageuka mshazari: nyuma uko juu, mbele umeshuka. Kwa nywele ndefu sana mshazari huo unaweza kupita bila kuonekana. Kwa nywele za mabegani unaonekana mara moja, kwa kuwa mstari unakaa karibu na uso.

Njia inayofanya kazi ni kugawa nywele mafungu 8, manne kila upande, zikiwa kavu na zimenyooshwa kwa pasi. Zikiwa na maji hunyumbuka na kukudanganya urefu. Anza na mstari wa wima: simama wima, kichwa kisiiname, kisha buruta mkia wa kitana kutoka utosini hadi katikati ya shingo bila kuunyanyua. Vuta nusu mbili kila moja upande wake na uangalie kwa vioo viwili. Unatakiwa kuona ngozi kama uzi mmoja, bila unywele hata mmoja unaokatiza. Hizo nywele mbili tatu zinazokatiza ndizo zitakazoonekana baadaye kama uzi wa bluu ndani ya pinki, basi zirudishe kwao sasa.

Kisha funga kila fungu kwa raba ndogo kwenye usawa mmoja. Nilichagua usawa wa kidevu. Usipime kutoka kwenye ncha, hasa kama nywele zimekatwa kwa tabaka, maana kila tabaka litakupa mstari wake. Pima kwa rula iliyolazwa: funga mafungu ya mbele kwanza, kisha mtu akusaidie kuuhamisha usawa huohuo nyuma. Raba ikazwe vizuri. Kazi yake si alama tu, inabana nywele ziwe kama kizibo ili blichi isipenye na kutambaa kwenda juu.

Kuhusu blichi, karatasi inaruhusu uwiano wa 1 kwa 1.5 hadi 1 kwa 2. Mimi nasema chukua uwiano wa kwanza: gramu 40 kwa mililita 60, kwenye bakuli la plastiki, si la chuma. Mchanganyiko unapaswa kushika kwenye brashi kama mtindi mzito bila kudondoka. Ukimimina chupa nzima ya mililita 80 unapata uji mwepesi, na ndani ya foili yenye joto blichi hiyo huvimba na kujisukuma kupita raba. Dalili utaiona ukifungua foili: juu ya mstari kuna madoa ya rangi ya chungwa yenye umbo la ulimi.

Brashi ya seti ni pana mno kwa kazi ya mstari, kasoro kubwa ya pili baada ya karatasi. Tafuta nyembamba, ya upana wa sentimita 2 hivi. Laza fungu juu ya foili, paka kwanza ukanda mwembamba wa mlalo chini tu ya raba, halafu shusha brashi kuelekea nchani. Brashi isipande juu hata mara moja. Geuza fungu, rudia nyuma yake, kisha kunja foili bila kuiminya.

Kagua kila baada ya dakika 10, na usizidishe muda wa juu ulioandikwa kwenye pakiti. Simamisha nywele zikifikia njano hafifu. Zikibaki za chungwa, bluu itageuka kuwa kijani kichafu na pinki itaelekea kwenye matumbawe. Kwa nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha, au zilizotiwa hina yenye viungo usivyovijua, sitashauri blichi hii kabisa. Kwa nyingine zote jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja kilichofichika, na rangi uijaribu kwenye ngozi saa 48 kabla.

Baada ya kusuuza blichi na kukausha, raba zinarudi palepale na rangi inapakwa kwa mtindo uleule, pinki kwanza na bluu mwisho. Gramu 60 kwa kila upande zilitosha. Kati ya mafungu mawili ya kisogoni weka foili iliyokunjwa mara mbili, isimame kama ukuta.

Kusuuza ndiko kunakopoteza kazi nyingi nzuri. Rangi hii haihitaji peroksaidi, inashika moja kwa moja kwenye unywele uliofunguka kwa blichi, hivyo maji ya bluu yakipita juu ya pinki yataacha zambarau. Paka kondishona nzito kwenye pinki yote na uifunge kwa plastiki. Inama upande wa kushoto, suuza bluu kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, ikamue kwa taulo jeusi, ndipo ufungue pinki. Kwa wiki mbili za mwanzo suka kila upande peke yake unapoosha, na usilale na nywele mbichi, kwani unyevu tu unatosha kuhamisha bluu.

Blichi ikishatambaa, doa halifutiki. Kama limepanda sentimita moja, pandisha mstari mzima sentimita moja, au lifunike kwa rangi iliyo karibu na nyeusi yako. Doa la bluu ndani ya pinki halifunikwi kwa pinki, hubaki zambarau. Dogo likatwe, kubwa litabidi kusubiri lipauke.

Pinki ilianza kupauka kwenye uoshaji wa 6, bluu ilisogea hadi wa 10. Kwa rangi ya ncha naipa seti hii 4 kati ya 5. Kwa kugawa kichwa kizima kuanzia kwenye mizizi naipa 2: gramu 40 za blichi hazitoshi, na joto la ngozi hufanya sentimita ya kwanza ing'ae haraka kuliko urefu, jambo ambalo karatasi yao hailigusi.