Rola mpya za dirisha la kuslaidi: mara ya kwanza nilinunua za mfereji wa V, zikanisumbua

Dirisha la sebuleni kwetu Tanga, la alminiamu, lilifika hatua ya kulivuta kwa mikono miwili huku linakwaruza mpaka meno yanakufa ganzi. Fundi wa kwanza alipaka oili tu akachukua hela yake, baada ya wiki vumbi likanasa kwenye ile oili likawa zito kuliko mwanzo. Nikaamua kulishusha mwenyewe, unainua paneli juu mpaka iingie kabisa kwenye fremu ya juu halafu unavuta chini kuja ndani, inatoka, ila muwe wawili mana kioo kizito. Kwa chini kila pembe kuna rola moja. Ya kulia ekseli ilishashika kutu, gurudumu halizunguki linaburuzwa tu, nailoni imelika upande mmoja imekuwa bapa.

Hapa ndo nilipokosea. Nilipima pale palipolika nikapata milimita 20, dukani nikapewa za 20 na mfereji wa V. Nimefunga, dirisha linaburuza vilevile, mana gurudumu likipungua milimita 2 paneli inashuka milimita 1 na chini hapakuwa na nafasi hiyo. Na siku ya tatu nikaona unga mweusi kwenye reli, kumbe reli yetu kichwa chake ni cha duara, ule mfereji wa V unaishika kwenye kingo mbili tu, unaikwangua.

Mara ya pili nikapima kwa vernia rola ya zamani ya upande mwingine ambayo haijalika, gurudumu ukingo hadi ukingo 22, upana wa kile kikebe kinachoshika gurudumu 12, na kimo cha kikebe pia mana kikizidi hakiingii kwenye paneli. Umbo la reli nikalichukua kwa kipande cha sabuni ya mche, nimekilowesha kikalainika, nikakikandamiza juu ya reli kikaacha alama, nikaenda nacho dukani pamoja na rola ya zamani. Muuzaji akakitazama tu, akanitolea za mfereji wa U zenye beringi, sh 2,500 kila moja, nikachukua 4 za paneli zote mbili.

Sasa hivi naisukuma kwa kidole kimoja na kelele hamna. Kitu kimoja tu, baada ya kufunga loki ikawa haikutani na tundu lake, paneli imesimama juu kidogo upande mmoja. Kwenye ubavu wa paneli kwa chini kuna tundu lenye skrubu ya kupandisha na kushusha, nikazungusha robo robo huku naangalia uwazi kati ya paneli na fremu mpaka ukawa sawa juu na chini, loki ikaingia.

La jikoni nalo limeanza kugoma, ila lile reli yake haina kichwa, ni njia bapa, kwa hiyo hizi hazilifai, natafuta za gurudumu lisilo na mfereji.