Nimeijaribu sokoni Mwanga: programu inayogeuza sauti ya muuzaji kuwa jedwali la mauzo

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo niko Kigoma mjini, katika soko la Mwanga, na bidhaa ninayoichambua ni programu ya simu ambayo muuzaji huizungumzia mauzo yake ya siku, nayo ikamwandikia jedwali lenye jina la bidhaa, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja na jumla. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozionyesha nimezikuta pia katika nyingine mbili za aina hiyo, na ningependa mjue namna ya kuzitambua hata kama mnatumia programu tofauti na yangu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja anayeuza mawese, dagaa, migebuka na ndizi. Jioni, alipokuwa akifunga meza, nilimwomba azungumze kama anavyomsimulia mwanawe nyumbani, naye akasema hivi: «Mawese vidumu vinne vya lita tano, elfu ishirini ishirini. Ya kupima lita tisa, elfu nne na nusu. Dagaa visado sita, elfu saba saba. Migebuka mafungu kumi na moja, buku mbili mbili. Ndizi mikungu miwili, elfu kumi na mbili.»

Maneno yenyewe programu iliyasikia vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa redio ya jirani ilikuwa juu na mteja mmoja alikuwa bado anabishania bei. Tatizo lilijitokeza katika hatua ya pili, yaani pale maneno yanapogeuzwa kuwa tarakimu na kupangwa katika safu. Bei ya kidumu ilitokea kuwa shilingi 20,020, lita ikawa 4,000.5, kisado 7,007, na fungu la migebuka 2,002.

Mswahili yeyote anaelewa kilichotokea. Tunaporudia namba tunamaanisha kila kimoja: «elfu saba saba» ni shilingi 7,000 kwa kila kisado, na urudufu huo ndio unaobeba habari tunayoitafuta zaidi, yaani bei ya kipimo kimoja. Programu haikuona urudufu. Iliona elfu saba, kisha ikaona saba nyingine, ikazijumlisha kama ambavyo ingejumlisha «elfu saba na saba». Kwenye mawese ya kupima, nusu iliyotajwa ni nusu ya elfu, kwa hiyo bei ni 4,500, lakini mashine iliichukua kuwa nusu ya shilingi. Ajabu ni kwamba neno «buku» ililijua kuwa ni elfu moja, ikakwama kwenye sarufi ambayo mtoto wa darasa la kwanza haikosei.

Upande wa kiasi ulikuwa salama zaidi, na sababu yake imo katika upatanisho wa ngeli. Ukisema «vidumu vinne» au «mikungu miwili», kiambishi kinaifunga namba kwenye kipimo chake, na haiwezi kurukia bei inayofuata. Ulinzi huo haupo kwenye lita, wala kwenye namba kama sita, saba na tisa, ambazo hazibadiliki kwa ngeli yoyote. Nilipomwomba mama arudie kwa haraka, bila kupumua kati ya «lita tisa» na «elfu nne», niliandikiwa lita 9,004 zisizo na bei. Pumzi moja fupi baada ya kiasi ilitosha kuliondoa kosa hilo.

Kwa makosa ya bei kuna kipimo rahisi cha kuyanasa. Hapa sokoni hakuna anayedai shilingi saba au ishirini juu ya bei. Sarafu ndogo tunayorudishiana ni ya 50, kwa hiyo bei yoyote isiyogawanyika kwa 50 ina walakini. Programu inaruhusu kulihamisha jedwali kwenye lahajedwali, na humo, ikiwa bei ziko safuwima ya D, unaandika fomula hii pembeni na kuiteremsha hadi chini:

```
=IF(MOD(D2,50)=0,"","KAGUA")
```

Safu nne kati ya tano zilipata neno KAGUA papo hapo. Hata hivyo, fomula hii ina mpaka wake: mtu akisema «elfu hamsini hamsini» na mashine ikaandika 50,050, bei hiyo inagawanyika kwa 50 na itapita bila kuguswa.

Safu ya tano, ile ya ndizi, ndiyo iliyonipotezea muda, kwa sababu ilionekana haina kosa lolote. Programu iliandika mikungu 2, bei 12,000, jumla 24,000. Nilirekebisha zile nne nyingine, nikapata mauzo ya shilingi 208,500. Kisha nikamwuliza mama habari za fedha alizonazo. Asubuhi alikuja na chenji ya 15,000; ametumia 2,500 kwa ushuru na chakula; na jirani yake amechukua kidumu kimoja cha mawese kwa kulipa 12,000, akabakiza deni la 8,000. Kwa hesabu hiyo mkobani zilipaswa kuwemo 213,000. Tulizihesabu mara mbili, zikawa 201,000.

Pengo la 12,000 kamili lilinifanya niirudie safu ya ndizi, nami nikamwuliza: «Mama, ile elfu kumi na mbili ni ya mkungu mmoja?» Akacheka. «Mwanangu, mkungu wa elfu kumi na mbili nitamwuzia nani leo? Ni yote miwili.» Bei ilikuwa 6,000 kwa mkungu. Tazama kwamba hapa hakurudia namba, na kutorudia huko kulikuwa ishara ya jumla. Lakini kwenye lita tisa pia hakurudia, na pale alimaanisha kila lita. Hata mimi, mzungumzaji wa lugha hii tangu utotoni, nisingeweza kuamua kwa kusikiliza tu, kwa hiyo siilaumu mashine kwa kukosea. Ninailaumu kwa kutouliza. Jedwali sahihi ni hili:

```
Bidhaa,Kipimo,Kiasi,Bei,Jumla
Mawese,kidumu lita 5,4,20000,80000
Mawese,lita,9,4500,40500
Dagaa,kisado,6,7000,42000
Migebuka,fungu,11,2000,22000
Ndizi,mkungu,2,6000,12000
```

Jumla ni 196,500, na ukiongeza chenji, ukatoa matumizi na deni, unafika kwenye 201,000 zilizokuwa mkobani.

Siku ya pili tulikubaliana juu ya namna ya kusema: kiasi na kipimo kwanza, pumzi, halafu «kila kimoja» au «kwa jumla», ndipo bei. «Visado vitano, kila kimoja elfu saba.» Safu zote ziliandikwa sawa, ingawa mama alilalamika kwamba hayo ni maneno ya mahakamani, si ya sokoni.

Deni, kwa upande wake, bado halina mahali. Tulipolitamka, programu ililiandika kama bidhaa mpya iitwayo «Jirani», kiasi 1, bei 8,000, na kuliongeza kwenye mauzo, ilhali kidumu hicho kilikwisha kuhesabiwa katika safu ya kwanza. Kwa sasa madeni mama anayaandika kwa kalamu kwenye daftari lake la zamani, nami nimemshauri asiliweke kando.